Mshahara Huu, Nyumba Hizi: Nani Anapaswa Kueleza?

Juni 4, 1973, ofisa mwandamizi wa polisi wa Hong Kong, Peter Godber, aliletewa barua ya serikali. Barua ilimpa wiki moja aeleze jinsi alivyopata zaidi ya dola milioni 4.3 za Hong Kong, kiasi kinachokaribia mara sita ya mshahara wote aliolipwa tangu aanze kazi mwaka 1952. Hakuna aliyekuwa amemwona akipokea hongo, na hakuna mtoaji aliyekuwa amekwenda kulalamika. Kilichokuwepo ni fedha kwenye akaunti za benki, mshahara uliofahamika hadi senti ya mwisho, na pengo kubwa kati ya viwili hivyo.

Godber hakujibu. Siku nne baadaye alitumia kitambulisho chake cha polisi kupita vizuizi vya uwanja wa ndege, akapanda ndege hadi Singapore na kutoka huko akaenda zake Uingereza. Wakazi wa Hong Kong waliandamana wakidai arudishwe, lakini hapo ndipo serikali ilipokwama. Sheria ya Hong Kong ilihesabu kuwa na mali usizoweza kuzielezea ni kosa. Sheria ya Uingereza haikuwa na kosa la namna hiyo, na mtu hawezi kurudishwa kwenda kujibu kosa ambalo nchi aliyokimbilia hailitambui. Ilibidi wapelelezi watafute mashahidi wa hongo ya kawaida, wakampata ofisa mwenzake aliyekuwa tayari kusema. Januari 1975 Godber alirudishwa, akashitakiwa kwa kula njama na kupokea rushwa, akafungwa miaka 4. Ule utajiri wake wote, ambao ndio ulioanzisha mambo, haukuwa msingi wa hukumu.

Kisa hiki kinaonyesha kwa nini sheria za mali zisizoelezeka zilitungwa, na kwa nini zimekuwa na utata tangu siku ya kwanza. Rushwa ni kosa ambalo mtoaji na mpokeaji wote wana sababu ya kunyamaza. Mwizi akiiba, aliyeibiwa hupiga kelele. Mkandarasi aliyetoa asilimia kumi ili apewe zabuni hapigi kelele, maana naye ni mkosaji na zabuni keshaipata. Kwa hiyo watunga sheria waliamua kuacha kulifuatilia lile tendo lisiloonekana, wakafuatilia matokeo yake yanayoonekana: nyumba, magari, mashamba, salio la benki. Kisha wakamgeukia mwenye mali na kumwambia, eleza.

Neno hilo "eleza" ndilo lenye ugomvi. Katika mashitaka ya jinai anayetuhumu ndiye anayethibitisha, na anayetuhumiwa anaweza kukaa kimya hadi mwisho bila kimya hicho kuwa ushahidi dhidi yake. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshitakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa. Katiba ya Kenya, ibara ya 50, inasema hivyo hivyo na kuongeza haki ya kunyamaza. Sasa mtumishi wa umma anayeambiwa "usipoeleza utafungwa" amebakiwa na haki gani hapo?

Majibu ya nchi mbalimbali hayafanani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Rushwa wa 2003, katika ibara ya 20, unazitaka nchi wanachama zifikirie kuufanya utajiri usioelezeka kuwa kosa, lakini kwa kadiri katiba zao zinavyoruhusu. Mkataba wa Umoja wa Afrika uliopitishwa Maputo mwaka huo huo, katika ibara ya 8, nao umeweka sharti hilo. Mahakama ya Katiba ya Ureno ilitumia hoja hiyo kuikataa sheria ya namna hii mwaka 2012, na jaribio jingine likakataliwa 2015. Ya Ukraine iliifuta sheria yao mwaka 2019. Majaji wa nchi hizo waliona kwamba mshitakiwa alikuwa amegeuziwa kazi ya serikali.

Hong Kong ilifika mahali tofauti, na hoja yake inastahili kueleweka vizuri kwa sababu ndiyo inayofanya sheria hizi zivumilike. Mwaka 1995, katika shauri la Hui Kin-hong, Mahakama ya Rufaa ilisema kifungu kile kilichomkimbiza Godber hakivunji haki za mshitakiwa. Sababu yake ni kwamba mzigo wa mshitakiwa hauanzi mwanzoni mwa kesi. Kabla hajatakiwa kufungua mdomo, upande wa mashitaka lazima uthibitishe, bila kuacha shaka ya maana, mambo kadhaa: kwamba huyu ni mtumishi wa umma, kwamba mapato yake yote ya utumishi ni kiasi fulani, kwamba maisha yake au mali zake ni za kiwango fulani, na kwamba mapato hayo hayangeweza kubeba kiwango hicho. Hayo yakishathibitika, kumtaka aeleze si kumwonea, kwa sababu yeye ndiye anayejua fedha zilitoka wapi na serikali haina njia nyepesi ya kujua.

Kwa maneno mengine, kesi hizi hushindwa au hushinda kwenye hesabu. Watu wengi hudhani ugumu uko kwenye maelezo ya mshitakiwa. Mimi naamini ugumu mkubwa uko kabla ya hapo, katika ile kazi ya kupiga hesabu za maisha ya mtu na kuzithibitisha kipengele kwa kipengele. Sijui kesi inayoonyesha jambo hili wazi zaidi kuliko ile ya Jayalalithaa wa India.

Jayalalithaa alikuwa mwigizaji maarufu wa filamu kabla ya kuwa Waziri Mkuu wa jimbo la Tamil Nadu mwaka 1991. Katika kipindi chake cha kwanza, hadi 1996, alichukua mshahara wa rupia moja tu kwa mwezi. Alipoondoka madarakani wapelelezi waliingia katika makazi yake na kuorodhesha dhahabu ya kilo kadhaa, fedha ya madini kwa mamia ya kilo, saa za mkononi na maelfu ya nguo za sari. Yalikuwepo pia makampuni zaidi ya 30 yaliyohusishwa naye na watu watatu waliokuwa karibu naye, mengi yakiwa hayana biashara ya kueleweka lakini yakipitisha fedha taslimu na kununua mashamba. Alishitakiwa kwa kifungu cha sheria ya rushwa ya India kinachosema mtumishi wa umma anatenda kosa akiwa na mali zisizolingana na vyanzo vyake vya mapato vinavyojulikana, na asiweze kuzitolea maelezo ya kuridhisha.

Hesabu za kesi kama hiyo hupigwa hivi. Kwanza unachagua kipindi cha ukaguzi. Hapa kilikuwa ni ile miaka mitano ya 1991 hadi 1996. Unaorodhesha mali alizokuwa nazo siku ya kwanza ya kipindi, kisha alizokuwa nazo siku ya mwisho, na tofauti yake ni mali zilizopatikana katikati. Kwenye tofauti hiyo unaongeza matumizi, kwa maana fedha iliyoliwa nayo ilitoka mahali. Kisha unajumlisha mapato halali ya kipindi hicho, yaani mshahara, kodi za nyumba, faida ya shamba, riba, mikopo na urithi. Ukitoa mapato hayo kutoka kwenye mali na matumizi, kinachobaki ndicho mshitakiwa anachotakiwa kukieleza.

Inasikika nyepesi. Lakini kila mstari wa hesabu hiyo ni vita. Mashitaka yalidai mali zilifikia rupia milioni 666.5. Katika kiasi hicho ujenzi na ukarabati wa majengo pekee ulikadiriwa milioni 277.9, na hapo hakuna stakabadhi: ni makadirio ya wahandisi waliopima kuta na kuuliza bei ya marumaru. Harusi ya mtoto wa kulea wa Jayalalithaa, iliyofungwa Septemba 1995, ilikadiriwa kugharimu milioni 64.5. Utetezi ulisema sehemu kubwa ya gharama ilibebwa na familia ya bibi harusi na kwamba wanachama wa chama walijitolea. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anajua kwamba dai la namna hiyo linaweza kuwa kweli, na anajua pia jinsi ilivyo vigumu kuonyesha nani alitoa nini miaka kumi baadaye.

Mwezi Septemba 2014 Mahakama Maalumu ya Bangalore ilimtia hatiani. Ilikuwa imepunguza baadhi ya makadirio ya mashitaka, kwa mfano gharama ya harusi iliishusha hadi milioni 30, lakini pengo lilibaki zaidi ya milioni 536. Alihukumiwa miaka 4 jela na faini ya rupia bilioni moja, na wenzake watatu nao wakafungwa miaka 4 kila mmoja.

Miezi minane baadaye, Mei 2015, Mahakama Kuu ya Karnataka ilimwachia huru, na njia iliyopita ni somo tosha. Jaji alichukua zile zile nyaraka akabadilisha thamani za mistari michache. Ujenzi ukashuka kutoka milioni 277.9 hadi milioni 51. Harusi ikashuka hadi chini ya milioni 3. Mapato ya bustani ya zabibu aliyokuwa nayo karibu na Hyderabad, ambayo mahakama ya chini ilikuwa imeyakubali kwa milioni 1 tu, yakapanda hadi milioni 4.67. Mpango wa gazeti la chama wa kukusanya amana za wasomaji ukakubaliwa kuwa uliingiza milioni 40. Mwisho wa yote mali zilisimama kwenye milioni 375.9 na mapato kwenye milioni 347.7. Pengo likawa milioni 28.2, sawa na asilimia 8.12 ya mapato.

Asilimia hiyo ilikuwa na maana yake. Tangu hukumu moja ya mwaka 1977, mahakama za India zimekuwa zikikubali kwamba pengo lisilozidi asilimia 10 haliwezi kumtia mtu hatiani, kwa kuwa hakuna mwanadamu anayeweka kumbukumbu za fedha zake bila kosa lolote. Ni kinga nzuri kwa mtumishi mwaminifu. Kwa hiyo Jayalalithaa akaondoka.

Lakini wanasheria walipoisoma hukumu ile kwa kalamu mkononi waliona jambo la ajabu. Jaji alikuwa ameorodhesha mikopo ya benki ambayo ilipaswa kuhesabiwa kama mapato, mkopo mmoja mmoja na kiasi chake, kisha akaandika jumla yake kuwa milioni 241.7. Ukijumlisha mikopo ile ile iliyoorodheshwa, unapata milioni 106.7. Kosa la milioni 135 katika kujumlisha. Rekebisha mstari huo mmoja na uache mingine yote kama jaji mwenyewe alivyoikubali: mapato yanashuka hadi milioni 212.7, pengo linapanda hadi milioni 163.2, na asilimia 8.12 inageuka kuwa karibu asilimia 77. Mtu anatoka kwenye uhuru hadi gerezani kwa mstari mmoja wa kujumlisha.

Februari 14, 2017, Mahakama ya Juu ya India ilitengua hukumu ya kumwachia na kurudisha ile ya 2014. Mambo mawili iliyoyasema yanahusu moja kwa moja mzigo wa mshitakiwa, na yanafaa kujulikana na kila mtumishi wa umma popote alipo. La kwanza ni juu ya kodi. Utetezi ulikuwa umesema fedha nyingi zimetangazwa kwenye mamlaka ya mapato, kodi ikakatwa na serikali ikaipokea, basi ni halali. Mahakama ikajibu kwamba kukubaliwa kwa hesabu za kodi kunaonyesha tu kwamba ulitangaza kipato na ukakilipia. Hakuonyeshi kilitoka wapi. Tena baadhi ya hesabu hizo zilikuwa zimewasilishwa baada ya uchunguzi kuanza, na maelezo yanayozaliwa baada ya swali kuulizwa huwa mepesi kwenye mizani.

La pili lilihusu zawadi. Jayalalithaa alidai kwamba mwaka 1992, alipotimiza miaka 44, wafuasi wake walimpelekea zawadi za siku ya kuzaliwa zenye thamani ya mamilioni ya rupia, pamoja na dola 300,000 kutoka nje ya nchi. Mahakama haikuhitaji kuamua kama zawadi zilipelekwa kweli. Ilisema kwamba kwa mtu aliyeshika madaraka ya umma zawadi kubwa za namna hiyo haziwezi kuhesabiwa kuwa chanzo halali cha mapato. Naona mahakama ilikuwa sahihi kabisa. Ukikubali kwamba waziri anaweza kueleza utajiri wake kwa kusema "nilipewa", umemfundisha kila mla rushwa neno la kusema.

Turudi kwetu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya 2007, katika kifungu cha 27, inampa Mkurugenzi Mkuu wa TAKUKURU mamlaka ya kumwandikia mtumishi wa umma anayeishi maisha yaliyozidi kipato chake, au mwenye mali zisizolingana na kipato hicho, na kumtaka atoe maelezo. Akishindwa kutoa maelezo yanayoridhisha, ni kosa la jinai. Tanzania basi imefuata njia ya Hong Kong na India: mtu anaweza kwenda jela.

Kenya imechagua njia nyingine. Sheria yake ya 2003 ya kupambana na rushwa na uhalifu wa kiuchumi, katika kifungu cha 55, inaifanya kesi ya mali zisizoelezeka kuwa ya madai. Kwanza Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi inachunguza na kumpa mhusika nafasi ya kueleza. Asipoeleza vya kutosha, Tume inakwenda Mahakama Kuu. Huko Tume ndiyo inayotoa ushahidi wa kwanza. Mahakama ikiridhika, kwa kipimo cha uwezekano mkubwa zaidi, kwamba kuna mali zisizolingana na mapato, ndipo mhusika anapotakiwa kuonyesha kwamba alizipata kwa njia isiyo ya rushwa. Akishindwa, anaamriwa kuilipa serikali thamani ya mali hizo. Hafungwi.

Njia hiyo ilipimwa katika shauri la Stanley Mombo Amuti, aliyekuwa meneja wa fedha katika shirika la umma la hifadhi ya maji na mabomba. Alitakiwa kulipa zaidi ya shilingi milioni 41 za Kenya, naye akapinga hadi Mahakama ya Rufaa, akidai miongoni mwa mengine kwamba mzigo uliokuwa wa serikali umehamishiwa kwake. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ilimkatalia. Ilieleza kwamba kutaifisha mali zisizoelezeka hakutegemei mtu kutiwa hatiani kwa jinai, na kwamba kanuni ya shauri la namna hii kwa ufupi ni kuthibitisha au kupoteza. Katiba ya Kenya nayo, ibara ya 40(6), haimlindi mtu katika mali iliyobainika kupatikana kinyume cha sheria.

Zipo sababu za kuhofia mzigo huu katika nchi zetu, na hazipaswi kupuuzwa. Uchumi wa watu wengi hapa haupiti benki wala haupati stakabadhi. Mwalimu mkuu ana ng'ombe kijijini kwa kaka yake, mke wake anauza vitenge, na yeye mwenyewe ni mwanachama wa mchezo ambako zamu ikimfikia anapokea kwa mkupuo zaidi ya mshahara wake wa miezi kadhaa. Alinunua kiwanja kwa mkataba ulioshuhudiwa na mwenyekiti wa mtaa ambaye amekwishafariki. Fedha zake zote ni halali, na karibu hakuna hata moja anayoweza kuionyesha kwa karatasi. Ukimwambia "eleza la sivyo jela", umempa mzigo ambao mhasibu wa benki angeubeba kwa urahisi, lakini yeye unaweza kumwelemea.

Ndiyo maana kipimo cha maelezo yake hakipaswi kulingana na cha mashitaka. Serikali inathibitisha bila kuacha shaka ya maana. Mshitakiwa, katika mahakama zinazofuata mapokeo haya ya sheria, anatakiwa tu aonyeshe kwamba maelezo yake yana uwezekano mkubwa wa kuwa kweli kuliko kutokuwa. Akisema aliuza ng'ombe 20 mnadani, akataja mnada, mwaka na mnunuzi, kazi ya kwenda kuthibitisha kama si kweli inarudi kwa mpelelezi. Mpelelezi anayepokea maelezo kama hayo akayaweka kabatini bila kuyafuatilia amejenga kesi mbovu, hata kama mshitakiwa ni mla rushwa kweli.

Mwenye kutaka kujua mapema kama kesi ya namna hii ina miguu aangalie mambo matatu. Je, kipindi cha ukaguzi kimechaguliwa kwa haki, au kimeanzia mahali panapoacha nje mwaka ambao mtu aliuza nyumba ya urithi? Je, mali zilizo kwa majina ya mke, watoto, shemeji na makampuni zimeunganishwa naye kwa ushahidi wa nani alitoa fedha na nani anazitumia, au kwa undugu tu? Katika kesi ya Jayalalithaa mashitaka yalifaulu hapa kwa kufuatilia fedha kutoka akaunti moja hadi nyingine. Na je, thamani ya majengo ni ya mwaka yalipojengwa, au mthamini ameandika bei ya leo? Kiwanja kilichonunuliwa pembezoni mwa mji miaka 15 iliyopita kinaweza leo kuwa katikati ya mji, na ongezeko hilo si rushwa ya mtu yeyote.

Chombo ambacho kingerahisisha kazi hii kwa pande zote mbili kipo tayari. Tangu sheria ya maadili ya 1995, viongozi wa umma Tanzania wanawasilisha tamko la mali na madeni kwa Sekretarieti ya Maadili. Watumishi wa umma wa Kenya hutoa tamko la mapato, mali na madeni kila baada ya miaka miwili. Tamko la mwaka anapoingia kazini ndio ule mstari wa kwanza wa hesabu, mali za mwanzo wa kipindi, na limeandikwa na yeye mwenyewe kabla ya ugomvi wowote. Ng'ombe waliotajwa humo hakuna mpelelezi atakayedai ni wa kubuni. Nyumba isiyotajwa humo, wala katika tamko lolote lililofuata, mwenyewe atakuwa na kazi ngumu ya kusema alikuwa nayo siku zote. Lakini tamko linalofungwa kwenye bahasha na kubaki kabatini bila kulinganishwa na la mwaka uliotangulia halimsaidii mwaminifu wala halimnasi mwizi.

Nikiulizwa nichague kati ya njia mbili, nachagua ya Kenya kwa mali na ya jinai kwa rushwa yenyewe. Mtu aliyeshindwa kueleza nyumba anyang'anywe nyumba, kwa kipimo cha madai, baada ya serikali kupiga hesabu yake vizuri na mahakama kuikagua mstari kwa mstari. Kumnyima uhuru wake kwa kushindwa kueleza tu ni jambo zito zaidi. Huko nadai upande wa mashitaka ulete pengo kubwa, lililothibitishwa kwa nyaraka, na uwe umeyafuatilia maelezo yote ya mshitakiwa hadi mwisho kabla ya kumfikisha kizimbani.

Jayalalithaa hakuisikia hukumu ya Mahakama ya Juu. Alikuwa amefariki Desemba 5, 2016, miezi miwili kabla haijasomwa, akiwa bado Waziri Mkuu wa jimbo lake, na shauri dhidi yake binafsi likakoma. Wenzake watatu walikwenda gerezani. Dhahabu na hati za mashamba zilizokamatwa zilikabidhiwa kwa serikali ya Tamil Nadu Februari 2025, karibu miaka 29 baada ya malalamiko ya kwanza kufikishwa mahakamani.